Asilimia 36 ya nini?

Mwaka jana niliombwa kusahihisha insha za sera zilizoandikwa na vijana wa vyuo. Zililetwa nyumbani kwangu Tanga ndani ya bahasha ya kaki, zote 22, na nilizisoma jioni tatu mfululizo barazani huku nikigombana na mbu. Kufika insha ya tisa nilianza kuweka alama ya msalaba pembeni kila nilipokutana na sentensi fulani. Mmoja alipinga sheria ya helmeti kwa abiria wa bodaboda kwa sababu barabara zenyewe ni mbovu na madereva hawana leseni. Mwingine alipinga kupandisha kodi ya sigara kwa sababu watu watanunua za magendo. Wa tatu alipinga uji wa shuleni kwa sababu mtoto akirudi nyumbani atalala na njaa vilevile. Mada zilikuwa mbalimbali, ila sentensi ilikuwa ileile imebadilisha kanga tu: pendekezo hili halitamaliza tatizo, kwa hiyo lisipitishwe.

Nilipomaliza bahasha nilihesabu misalaba 11.

Kosa hili lina jina, au tuseme lina majina. Mwanauchumi wa Marekani Harold Demsetz alilielezea mwaka 1969 akasema kuna watu wanaolinganisha mpango uliopo duniani na mpango wa peponi, kisha wanatangaza kwamba wa duniani umeshindwa. Yeye aliliita kwa jina la nirvana, ile raha kamili ya Wabudha. Mimi nikizungumza na vijana naliita kosa la suluhisho kamili. Ila jina halisaidii sana. Ukimwambia mwandishi kijana "umefanya kosa fulani", atafuta sentensi na kuiandika upya kwa ujanja zaidi. Kinachosaidia ni kuchukua insha moja na kuifungua kama fundi anavyofungua injini, kipande kwa kipande, hadi mwenyewe aone panapovuja.

Niliyoichagua ilikuwa ya kijana mmoja kutoka Muheza, na niliichagua kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Kichwa chake: "Chanjo ya malaria si suluhisho." Alikuwa amesoma, hakukurupuka. Alijua kwamba chanjo inayoitwa RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, na kwamba vituo viwili kati ya 11 vilikuwa Tanzania, Bagamoyo na Korogwe. Korogwe ni jirani zake. Alijua matokeo ya mwisho yaliyotoka mwaka 2015: kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakapata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika kipindi cha takriban miaka minne. Hapo ndipo alipoiweka nguzo ya insha yake. Aliandika: "Chanjo inayoshindwa kuwakinga watoto 64 katika kila 100 haistahili fedha za umma. Chanzo cha malaria ni umaskini, nyumba duni na mazalia ya mbu, na chanjo haigusi hata kimoja."

Nikampigia simu, akaja Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo mwalimu."

Mimi si mwalimu wake, lakini niliitikia marahaba, tukakaa.

Swali langu la kwanza lilikuwa fupi: asilimia 36 ya nini? Akajibu bila kusita kwamba ni ya watoto. Sivyo, na hapa ndipo insha ilipoanza kuvuja. Ile 36 si idadi ya watoto waliokingwa dhidi ya 64 walioachwa. Ni upungufu wa mara ambazo watoto wanaugua. Mtu aliyekulia mahali penye malaria nyingi anaelewa tofauti hii bila kufundishwa, kwa sababu mtoto haugui malaria mara moja akamaliza kama surua. Anaugua Machi, anapewa dawa ya mseto, anapona, anaugua tena Juni. Chanjo hii haiwagawi watoto katika makundi mawili, waliopona na waliotoswa. Inampunguzia karibu kila mmoja wao idadi ya homa, huyu zaidi, yule kidogo.

Nilimwomba atoe kalamu tufanye hesabu ya kijiji cha kubuni. Weka watoto 1,000. Sema bila chanjo kila mmoja anaugua kwa wastani mara 1.2 kwa mwaka, jambo ambalo si la ajabu katika maeneo yenye maambukizi makubwa. Kwa miaka minne utapata homa 4,800. Toa asilimia 36: homa 1,728 hazikutokea, zilizobaki ni 3,072. Aliiangalia ile 1,728 kwa muda. Ni kubwa kuliko idadi ya watoto wenyewe. Majaribio yenyewe yalikadiria jambo lilelile: kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, matukio ya malaria yaliyoepukwa yalikuwa 1,774. Insha yake ilikuwa imezitazama zile 3,072 zilizobaki, ikaita kushindwa, wala haikuwa imeandika mahali popote kwamba zile nyingine 1,700 na zaidi zilikuwepo.

Kila moja ya hizo 1,700 ina mwili. Ni mama aliyekosa siku mbili za kibarua, ni nauli ya kwenda zahanati, ni kipimo, ni dozi ya mseto, na mara chache ni degedege usiku wa manane na damu ya kuongezewa hospitali ya wilaya. Sikumwambia hayo yote, anayajua kuliko mimi. Nilimwambia tu kwamba mwandishi wa sera anayetaja kilichobaki lazima ataje na kilichoondoka, vinginevyo msomaji hana la kupima.

Aliuliza swali zuri: kwa nini basi chanjo isikinge yote? Polio inakinga, surua inakinga. Nilimweleza nilivyoelewa. Mbu akiuma hupitisha vimelea wachache ambao ndani ya muda mfupi hukimbilia kwenye ini. Chanjo hii huufundisha mwili kuitambua protini moja iliyo kwenye ngozi ya vimelea hao wa mwanzo, ili iwakamate kabla hawajafika kwenye ini au wakiwa humo. Mlango huo ni mwembamba. Kimelea mmoja akipenya, akazaliana ndani ya ini na kutoka na kizazi chake kwenye damu, tayari amebadilika umbo, na kinga iliyofundishwa kumtambua kwa umbo la kwanza haimjui tena. Isitoshe, kinga yenyewe hupungua kwa haraka miezi inayofuata, ndiyo maana kukawa na dozi ya nne. Kwa hiyo ule upungufu wa chanjo unatokana na maumbile ya mdudu huyu aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka. Ukisema tusubiri chanjo ya asilimia 100 dhidi yake, ni haki yako, lakini basi andika kwenye insha utasubiri miaka mingapi na nani atabeba gharama ya kusubiri.

Swali langu la pili lilikuwa: mbona hukuandika insha ya kupinga vyandarua?

Akacheka, akadhani natania. Lakini fikiria. Majaribio ya vyandarua vyenye dawa yakijumlishwa pamoja yanaonyesha kwamba hupunguza vifo vya watoto kwa takriban asilimia 17 na homa za malaria kwa karibu nusu. Ukitumia rula yake, chandarua "kinashindwa" kwa asilimia 83 ya vifo. Havigusi umaskini. Havijengi nyumba. Havifukii dimbwi hata moja. Hata hivyo hakuna mtu anayesimama kwenye mkutano wa kijiji kusema tuvirudishe, kwa sababu vyandarua tumevizoea. Vilishaingia chumbani, vikawa sehemu ya mambo yalivyo, na mambo yalivyo hayaulizwi maswali. Kosa la suluhisho kamili huwa na upendeleo huo: kipya kinafanyiwa mtihani wa kidato cha sita huku cha zamani kikipita bila mtihani wowote. Njia ya haraka ya kulikamata kwenye insha yako mwenyewe ni kuchukua kipimo ulichotumia kukataa jambo jipya, ukiweke juu ya jambo unalolikubali tayari. Kikilikataa na hilo, tatizo liko kwenye kipimo.

Na jambo ambalo insha haikulitaja kabisa, na sidhani alilijua: wengi wa watoto waliokuwa kwenye majaribio walikuwa tayari wanalala ndani ya vyandarua. Ile 36 ilipatikana juu ya vyandarua, si badala yake. Kwa hiyo kulinganisha chanjo na chandarua kana kwamba serikali inachagua kimoja ni kulinganisha mwiko na sufuria.

Kijana alijitetea, na hapa nilianza kumpenda. Akasema: "Mwalimu, mimi sijasema chanjo haina faida. Nimesema haigusi chanzo."

Neno "chanzo" ni zuri sana kwenye insha. Linampa mwandishi sura ya mtu aliyechimba chini kuliko wenzake. Nilimwuliza pendekezo lake la kugusa chanzo liko ukurasa gani. Lilikuwa la mwisho, mistari minne: kuboresha makazi, kutokomeza mazalia, kuinua kipato, "kupitia mkakati shirikishi." Hakuna bei, hakuna miaka, hakuna wizara. Chanjo ilikuwa imehojiwa kwa kurasa sita kuhusu bei yake, ufanisi wake, majokofu yake na wahudumu wake, kisha ikashindwa na mpinzani ambaye hakuulizwa hata jina.

Tukamchukua huyo mpinzani tukamkalisha kwenye kiti hichohicho. Anza na mazalia. Kunyunyizia viuadudu vya kuua viluwiluwi ni jambo halisi, Kibaha kuna kiwanda kinachovitengeneza, na Dar es Salaam wamewahi kuendesha kazi hiyo mtaa kwa mtaa. Inafaa mahali ambapo madimbwi ni machache, yanajulikana na hayahamihami. Mjini unaweza kuyachora kwenye ramani. Sasa nenda kijiji cha mpunga wakati wa masika, ambako kila unyayo wa ng'ombe ni dimbwi, uniambie utayapata yote. Yaani hata suala la mazalia, likiwekwa kwenye mizani yake, ni suluhisho la sehemu. Nyumba bora, hivyohivyo: madirisha yenye wavu na dari hupunguza mbu wanaoingia, ila kuna wanaouma jioni watu wakiwa bado uani. Kuinua kipato ni jambo jema ambalo linachukua kizazi kizima. Mtoto wa miezi sita wa leo, kipato kikiinuka, atakuwa mtu mzima.

Tulipomaliza hakukuwa na suluhisho kamili lililobaki mezani. Kulikuwa na vipande tu.

Historia ya ugonjwa huu ina somo gumu kuhusu jambo hilo, nami nililisimulia kwa kifupi kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kutokomeza malaria duniani, silaha kuu ikiwa ni kupuliza DDT majumbani. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara iliachwa nje ya mpango, kwa kuwa ilionekana kutokomeza huku hakuwezekani kwa zana zilizokuwepo. Lengo lilikuwa kutokomeza, na mahali pasipoweza kutokomezwa hapakuwa na nafasi ya maana kwenye ramani. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizoingizwa. Maambukizi visiwani yalishuka mno, upulizaji ukasitishwa mwaka 1968, ugonjwa ukarudi. Mwaka uliofuata shirika lenyewe liliachana na lengo la kutokomeza kwa wakati mmoja duniani kote. Ukijiwekea lango moja tu, yote au hakuna, bara zima linaweza kubaki upande wa hakuna.

Hapa lazima nigeuke, maana ningeishia hapo ningekuwa nimemdanganya kijana yule. Si kila anayesema "bado" anafanya kosa hili. Mwaka 2015 wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani walikuwa na karatasi zilezile, asilimia 36 ileile, na hawakusema chanjo ipelekwe kila mahali. Walisema ifanyiwe kwanza majaribio ya utekelezaji katika nchi chache. Kuna waliolalamika kwamba huo nao ni ukamilifu uliozidi, na miaka iliyopita ilikuwa na vifo ndani yake. Mimi nawatetea wale wataalamu, kwa sababu ya namna walivyouliza. Hawakuuliza "itamaliza malaria?" Waliuliza mambo matatu yanayoweza kujibiwa.

Kwanza, dozi ya nne. Ratiba iliyokuja kutumika Kenya ni miezi 6, 7, 9 na 24. Ile ya miezi tisa inakutana na chanjo ya surua, mama anakuja kliniki hata hivyo. Ya miezi 24 haina mwenzake wa kuishika mkono. Mtoto anakimbia uani, kadi ya kliniki iko chini ya godoro, mama pengine ana mwingine tumboni. Na dozi hiyo si pambo. Kwa malaria kali, ile inayolaza watoto hospitali, watoto wa majaribio waliopata dozi nne walikuwa na upungufu wa asilimia 32 kwa kipindi chote. Waliopata tatu tu walikuwa na upungufu wa takriban asilimia 1, yaani sawa na hakuna. Walikingwa mwanzoni, kisha wakaugua baadaye zaidi ya wenzao ambao hawakuchanjwa, ambao kwa kuumwa-umwa walikuwa wameshajijengea kinga yao. Hili ni pingamizi zito. Linasema kwamba nusu ya hatua, katika hali hii maalumu, inaweza kuwa si nusu ya faida. Tuna methali ya heri nusu shari kuliko shari kamili, na kijana aliitaja alipoanza kubadilika mawazo. Nikamwambia polepole, methali nayo ipimwe. Hapa tatu juu ya nne hazikuwa robo tatu.

Pili, usalama. Katika majaribio wale wachache waliopata homa ya uti wa mgongo walikuwa wengi zaidi upande wa waliochanjwa, na vifo vya wasichana waliochanjwa vilionekana kuzidi. Huenda ilikuwa bahati mbaya ya namba ndogo, huenda sivyo. Kutazama watoto wengi zaidi ndiyo njia pekee ya kujua.

Tatu, vifo. Kupunguza homa ni jambo moja. Je, vifo vitapungua katika kliniki za kawaida, zenye foleni za kawaida na umeme unaokatika?

Basi 2019 kazi ikaanza Malawi, Ghana na Kenya. Kenya ilizindua Homa Bay mwezi Septemba, katika kanda ya ziwa ambako malaria ni ya mwaka mzima. Maeneo mengine yalianza mapema na mengine yakachelewa, yakachaguliwa kwa bahati nasibu, ili walinganishwe. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo itumike kwa upana: dalili za hatari zilizotiliwa shaka hazikuonekana tena. Na ilipofika 2023, baada ya karibu miaka minne ya kufuatilia, ikatangazwa kwamba katika maeneo yenye chanjo vifo vya watoto wa umri uliolengwa, kwa sababu zote ukiacha ajali, vilikuwa chini kwa asilimia 13.

"Kumi na tatu tu?" kijana aliuliza, kisha akajishika mdomo.

Nilimwacha aifikirie mwenyewe. Baada ya muda alisema: ni vifo vyote, si vya malaria peke yake. Na si watoto wote wa maeneo hayo waliochanjwa, dozi ya nne ndiyo usiseme. Na vyandarua vilikuwepo. Alikuwa amepata rula.

Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekataa pendekezo, utajuaje kama ni mpingaji wa kweli au anafanya kosa? Mimi natazama safu ya pili ya jedwali lake. Mpingaji wa kweli analinganisha pendekezo na kitu kingine kinachoweza kufanyika kwa fedha zilezile, watu walewale, mwaka uleule. Anasema: dozi zikiwa chache, kama mwaka 2023 nchi 12 zilipogawiwa dozi milioni 18 za kutumia hadi 2025, zianze wapi? Anasema: muuguzi huyu mmoja akiongezewa kazi hii ataacha ipi? Anasema: wazazi wakiona mtoto kachanjwa wataacha kutandika chandarua, tupime. Kila moja ya hoja hizo inaweza kuthibitishwa au kukanushwa, na ikithibitishwa inabadilisha uamuzi. Anayefanya kosa, safu yake ya pili ni tupu, au imejaa neno "shirikishi." Ukimwongezea asilimia, umtolee chanjo ya 75 badala ya 36, insha yake haibadiliki hata mstari. Ataandika "inashindwa kwa asilimia 25." Hapo ndipo utakapojua kwamba namba haikuwa sababu.

Lakini lawama si yake peke yake. Nilipofungua makabrasha aliyoyatumia nilikuta habari na mabango ya watetezi wa chanjo yanayotangaza mwisho wa malaria. Ukiniuzia gari kwa kusema linaruka, usinilaumu nikilirudisha kwa sababu linatembea. Mtetezi aliyeahidi yote ndiye anayempa mpingaji rula ya yote. Insha ya kutetea ingeandika mapema, aya ya pili kabisa: hii itapunguza homa kwa zaidi ya theluthi, itaacha nyingi, na hivi ndivyo tutakavyozishughulikia zilizobaki.

Zilizobaki zinashughulikiwa na vipande vingine, na vipande vikikaa pamoja hufanya mambo ambayo kila kimoja hakiwezi. Mfano ninaoupenda ni wa Burkina Faso na Mali, ambako malaria huja na mvua. Huko watoto hupewa dawa za kinga kila mwezi wakati wa msimu. Karibu watoto 6,000 walifuatiliwa kwa miaka mitatu: wengine walipata dawa za msimu peke yake, wengine chanjo iliyodungwa kabla ya msimu peke yake, wengine vyote viwili. Peke yake, chanjo na dawa zilikaribiana. Waliopata vyote viwili waliugua pungufu kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko waliopata dawa tu, na vifo vya malaria vilishuka zaidi ya hapo. Matokeo yalichapishwa 2021. Insha moja ya mtindo ule ingekataa dawa kwa sababu haikingi yote, nyingine ingekataa chanjo kwa sababu haikingi yote, na zote mbili zingepata alama nzuri kwa ufasaha. Hata dawa tunayomeza tukiugua tunaiita mseto, kwa sababu kiungo kimoja pekee hakikutosha na hakuna aliyekitupa.

Kijana aliondoka adhuhuri na insha yake ikiwa na wino mwekundu kama kuku aliyechinjwa. Wiki mbili baadaye alileta nyingine. Nilitegemea kichwa kibadilike kuwa cha kutetea. Hakikubadilika hivyo. Aliandika kwamba mikoa kama Arusha na Kilimanjaro, ambako katika utafiti wa kitaifa chini ya mtoto mmoja kati ya 100 walikutwa na malaria, isipewe chanjo kwa sasa, kwa sababu theluthi ya kidogo ni kidogo sana na fedha hiyo itafanya zaidi kwenye ufuatiliaji wa wagonjwa na mazalia ya mjini. Dozi zianze Tabora, Kigoma, Geita. Tabora peke yake, utafiti wa 2022 ulikuta zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano ana vimelea. Aliweka jedwali. Safu ya pili ilikuwa imejaa, yenye bei: chanjo mpya ya R21, iliyopendekezwa 2023, kwa chini ya dola 4 kwa dozi, mara nne, kisha gharama ya kuifikisha.

Tulibaki na ugomvi mmoja. Kwenye jedwali aliwahesabu watoto wa dozi tatu kuwa "wamechanjwa", nikamwambia awatoe. Akasema akiwatoa, zahanati inayojitahidi itaonekana haifanyi kitu, na huko ni kufanya kosa lilelile ninalomkanya. Nikamwambia akiwaacha, atakuwa anawahesabia kinga ambayo kwa malaria kali hawana. Akaomba kalamu, akachora safu ya tatu: dozi tatu, na pembeni yake akaandika kwa mkono, "miezi 24, nani anamfuata nyumbani?" Nafasi ya jibu aliiacha wazi, nami sikuwa na la kumjazia.